Meseji Imeingia, Hela Bado: Namna ya Kumsomea Mama Mkataba wa Malipo kwa Simu

Mwanachuo yeyote anayetoka Mbinga, au kule chini mwambaoni, Liuli, Mbamba Bay, Lituhi, analijua hili: ukifika likizo, wewe ndiye msomaji wa karatasi za ukoo mzima. Haijalishi unasoma ualimu, uuguzi au misitu. Fomu ya TRA, barua ya mkopo, majibu ya hospitali, vyote vinaletwa kwako. Siku hizi imeongezeka karatasi nyingine, nayo ni ndefu kuliko zote: mkataba wa mfanyabiashara kupokea malipo kwa simu. Wakala amempitia Mama dukani, amemwekea kibandiko cha namba ya malipo ukutani, amemwachia kurasa kumi na tano za Kiingereza, na amemwambia asaini ya mwisho.

Makala hii ni ya kukusaidia siku hiyo. Vifungu vingi kwenye mikataba hiyo unaweza kuvipitia haraka. Vitatu inabidi ukae navyo: hela inafika lini, inakatwa kiasi gani, na nani anaweza kuirudisha kwa mteja. Watu huvisoma kimoja kimoja, kumbe vinafanya kazi kwa pamoja. Vyote vitatu vinajibu swali ambalo mama muuza usipa atakuuliza kwa sentensi moja tu: "Mwanangu, meseji si imeshaingia? Sasa hela si yangu?"

Tutatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Tuseme kuna mama mwenye duka Mbinga mjini, anayenunua usipa Mbamba Bay, anaukausha na kuuza kwa jumla na rejareja. Vifungu nitakavyovitaja ni vya aina inayoonekana sana katika mikataba hii, si vya kampuni fulani, na viwango vya tozo nimevichagua ili hesabu iwe rahisi. Ukishika mkataba wenyewe, weka namba zake.

Kwanza ujue ni huduma ya aina gani

Kuna huduma za aina mbili ambazo dukani zinaonekana kama kitu kimoja.

Aina ya kwanza ni ile ya mtandao wa simu wenyewe. Mteja analipa kwenye lipa namba, na salio linaongezeka kwenye pochi ya biashara ya Mama muda huohuo. Hapa mara nyingi hakuna kusubiri. Gharama inajificha sehemu nyingine: kutoa hela kutoka kwenye ile pochi kwenda kwenye laini yake, kwa wakala au benki.

Aina ya pili ni ya benki, au ya kampuni ya kati inayokusanya malipo kutoka mitandao yote na kwenye kadi, kisha inamlipa mfanyabiashara kwa mkupuo. Hapa meseji inayoingia kwa Mama haisemi kwamba amelipwa. Inasema kwamba mteja ameilipa kampuni kwa niaba yake. Kati ya hapo na akaunti yake kuna safari, na safari hiyo ndiyo watu wa fedha wanaiita setolmenti.

Utajuaje ni aina ipi? Tafuta neno hilo la setolmenti kwenye mkataba, au herufi T ikifuatiwa na jumlisha na namba: T+1, T+2. Ukiliona, Mama yuko kwenye aina ya pili, na makala hii inamhusu yote. Usipoliona, bado soma sehemu za makato na za kurudishwa kwa hela.

Hela inafika lini

Kifungu chenyewe, kikiwekwa kwa Kiswahili, huwa hivi: "Kampuni itaanzisha malipo ya makusanyo halisi kwa Mfanyabiashara katika T+1, siku za kazi, kwa miamala iliyokamilika kabla ya saa 16:00."

Mama akisikia "T+1" anaelewa kesho. Si lazima iwe kesho. T ni siku ya muamala, na moja ni siku moja ya kazi baada yake. Jumamosi, Jumapili na sikukuu kwa kawaida hazihesabiwi, labda mkataba useme vingine. Halafu kuna hiyo saa 16:00, yaani saa kumi jioni, ambayo ni saa ya kufunga hesabu. Muamala ukipita saa hiyo, kwa hesabu ya kampuni umefanyika siku ya kazi inayofuata.

Sasa tuchukue kalenda. Ijumaa tarehe 10 Oktoba 2025, saa kumi na moja jioni, anakuja mnunuzi kutoka Songea. Anachukua usipa mkavu wa shilingi 800,000, analipa kwa kadi kupitia kiungo alichotumiwa kwenye simu. Meseji inaingia. Magunia yanapakiwa.

Kwa kuwa saa kumi imeshapita, T haiwi Ijumaa. Jumamosi na Jumapili si siku za kazi, kwa hiyo T inakuwa Jumatatu tarehe 13. Ongeza siku moja ya kazi. Jumanne ni tarehe 14 Oktoba, Siku ya Nyerere, sikukuu. Kwa hiyo malipo yanaanzishwa Jumatano tarehe 15. Mama ameuza Ijumaa, ameona hela Jumatano. Kama mnunuzi yuleyule angelipa saa tisa na nusu alasiri, T ingekuwa Ijumaa na hela ingeanza safari Jumatatu. Saa moja na nusu imegharimu siku mbili.

Na siku zenyewe ndizo hizo mbaya. Mwezi ulikuwa mpevu tarehe 7 Oktoba. Usipa unavuliwa kwa taa, na taa inavuta samaki vizuri kukiwa na giza. Siku chache baada ya mwezi mpevu, mwezi unachelewa kuchomoza, giza la mwanzo wa usiku linarudi, na mitumbwi inaingia ziwani tena. Wikiendi ile ndiyo ya kushuka kilomita zipatazo 66 hadi Mbamba Bay na hela mkononi. Mwenye hela anachagua mzigo. Mwenye meseji anaomba akopeshwe.

Ukitaka Mama akuelewe mara moja, mwambie: "Mama, hapa umeipa kampuni mali kauli." Neno hilo analijua. Anajua kwamba mali kauli si wizi, lakini anajua pia kwamba hutoi mali kauli bila kukubaliana siku ya kulipwa, na hutoi siku ambayo wewe mwenyewe unahitaji mtaji. Kama ana shamba la kahawa na anauza kupitia AMCOS, mfano uko karibu zaidi: siku ya kupeleka kahawa si siku ya kulipwa, na kinachokuja kulipwa kimeshapitia makato.

Usikubali kuambiwa kwamba kuchelewa huku ni tatizo la mitambo. Benki Kuu ya Tanzania inaendesha mfumo wa malipo ya papo hapo, TIPS, unaohamisha hela kati ya benki na mitandao ya simu kwa muda mfupi sana. Waya zinaweza. Kinachochelewesha hela ya Mama ni kifungu, na kifungu kina sababu zake: kampuni inataka muda wa kulinganisha hesabu, na inataka iwe na hela ya kukata kama mteja atalalamika. Ndiyo maana wafanyabiashara wengine hupewa muda mfupi zaidi. Kuuliza kama kuna chaguo la kulipwa siku hiyohiyo, na linagharimu kiasi gani, ni swali halali kabisa.

Maneno mengine mawili kwenye kifungu hicho yanahitaji jicho. "Itaanzisha" si "itafikisha". Kampuni ikituma maelekezo Jumatano jioni na benki ya Mama ikaingiza hela Alhamisi asubuhi, kampuni haijavunja mkataba. Na "makusanyo halisi" maana yake ni mauzo baada ya makato. Makato yapi? Hapo ndipo tunaingia kifungu cha pili.

Makato yameandikwaje

Tozo mara nyingi haziko ndani ya mkataba. Ziko kwenye kiambatisho, na wakala mara nyingi hajakiacha. Kidai kwanza. Kisha tafuta jinsi sentensi ya tozo ilivyojengwa, kwa sababu kiwango peke yake hakisemi mengi. Tuseme imeandikwa: "Asilimia 1.5 ya thamani ya muamala, au shilingi 300, ipi iliyo kubwa, bila kujumuisha VAT."

Anza na mwisho wa sentensi. "Bila kujumuisha VAT" maana yake kodi inaongezwa juu ya tozo. Kwa yale mauzo ya Ijumaa, kwa kiwango cha VAT cha asilimia 18, hesabu ni hii:

Mauzo: 800,000
Tozo, asilimia 1.5: 12,000
VAT, asilimia 18 ya tozo: 2,160
Kinachofika: 785,840

Kama sentensi ingesema "pamoja na VAT", Mama angepokea 788,000. Tofauti ya 2,160 inaonekana ndogo, lakini inajirudia kila muamala, na kama Mama hajasajiliwa kwenye VAT hana pa kuidai.

Sasa mwulize swali ambalo mkataba hauulizi: katika 800,000 ile, faida yako ni ngapi? Tuseme usipa ule ulimgharimu 720,000 pamoja na usafiri na magunia. Faida ni 80,000. Tozo na kodi yake ni 14,160. Hiyo ni karibu asilimia 18 ya faida. Wakala alisema "moja na nusu tu", na hakudanganya, ila alikuwa anahesabu kwenye mauzo. Mama anakula faida, kwa hiyo hesabu yake ianzie kwenye faida. Mfanyabiashara wa usipa na mwenye duka la vipodozi wanaweza kusaini kiwango kilekile, mmoja akaumia na mwingine asihisi kitu, kwa sababu faida zao hazilingani.

Kisha njoo kwenye "ipi iliyo kubwa". Maneno matatu haya ndiyo yanayomwumiza muuza rejareja. Asilimia 1.5 inafika shilingi 300 mauzo yakiwa 20,000. Kila muamala ulio chini ya hapo unakatwa 300 ileile, hata uwe mdogo namna gani. Mteja akinunua fungu la usipa la 2,000 na kulipa kwa simu, makato ni 300 na VAT yake 54, jumla 354. Kama faida ya Mama ni sehemu moja ya kumi, alitarajia 200. Ameuza na amepata hasara ya 154. Kwa hesabu hiyo, kila fungu la chini ya 3,540 likilipwa kwa namba hiyo ni hasara. Kama mkataba ungesema "ipi iliyo ndogo", lile fungu la 2,000 lingekatwa shilingi 30 na kodi kidogo. Neno moja limebadilika, biashara nzima imebadilika.

Anaweza kufanya nini? Anaweza kupokea malipo madogo taslimu, au kwa lipa namba ya mtandao yenye masharti nafuu, na ile namba ya kampuni akaiweka kwa mauzo ya jumla. Kabla ya kuamua kumwongezea mteja bei ili afidie, asome kama mkataba unakataza. Mikataba mingi inakataza kumtoza mteja zaidi kwa sababu amelipa kwa simu au kadi.

Mwisho wa sehemu hii, tafuta kifungu cha mabadiliko ya tozo. Mara nyingi kinasema kampuni inaweza kubadili tozo kwa kutoa taarifa kwenye tovuti yake, na kwamba kuendelea kutumia huduma ni kukubali. Maana yake ile 1.5 ni ya leo. Njia rahisi ya kugundua imebadilika ni kuchukua muamala mmoja kila wiki, kupiga hesabu kama tulivyofanya, na kulinganisha na kilichoingia. Ikizidi, kuna kitu kimeguswa.

Hela inayorudi kwa mteja

Hapa mkataba huwa na maneno matatu yanayofanana, na Mama akiyachanganya atalipa.

La kwanza ni Mama mwenyewe kumrudishia mteja. Gunia limekutwa na mchanga, wamekubaliana, anarudisha hela. Uamuzi ni wake.

La pili ni kurudisha muamala uliokosewa. Mteja amekosea namba au kiasi, anapiga huduma kwa wateja wa mtandao wake, na mtandao kwa kawaida unaizuia hela kama bado iko kwenye pochi ya aliyepokea, huku ukiulizia. Hapa kuna mchezo wa matapeli wa kupiga simu na kusema "nimekosea nimekutumia, nirudishie kwa namba hii". Mama asirudishe kwa mkono kamwe. Aangalie salio kwenye menyu badala ya kuamini meseji, kisha amwambie huyo mtu apitie mtandao wake. Akirudisha kwa mkono na mtandao nao ukarudisha, amelipa mara mbili.

La tatu ndilo zito. Kwa lugha ya mikataba linaitwa chajibaki, na limetoka kwenye ulimwengu wa kadi. Mteja haongei na Mama kabisa. Anakwenda kwenye benki iliyompa kadi, anasema mzigo haukufika, au haukuwa kama ulivyoelezwa, au si yeye aliyelipa. Benki yake inadai hela kwa kampuni ya Mama, na kampuni inaikata kwa Mama. Inaikata wapi? Kwenye makusanyo yake ya siku zijazo. Ndiyo maana vifungu hivi ni ndugu: kile kiporo cha T+1 ndiyo dhamana ya kampuni dhidi ya chajibaki.

Na muda wake ni mrefu. Kwa kanuni za Visa, malalamiko ya aina nyingi yanaweza kuletwa hadi siku 120. Kwa mauzo ya tarehe 10 Oktoba 2025, siku hizo zinaishia tarehe 7 Februari 2026, na kama mzigo ulikuwa wa kufikishwa baadaye, hesabu inaweza kuanzia siku ambayo ulipaswa kufika. Usipa umeshaliwa, hela imeshanunua mzigo mwingine mara kadhaa, na bado muamala haujafungwa moja kwa moja.

Tuendelee na mfano wetu. Mwishoni mwa Novemba yule mnunuzi wa Songea anaiambia benki yake kwamba mzigo haukumfikia. Mkataba wa Mama unasema hivi: thamani yote ya muamala itakatwa, tozo ya awali haitarudishwa, na kuna ada ya kushughulikia lalamiko, tuseme 20,000. Kampuni inakata 820,000. Mama alipokea 785,840. Kwa hiyo ametoa mfukoni 34,160, na usipa wa 720,000 umekwenda. Hasara yote ni 754,160. Mauzo ya namna ile humwachia 65,840 baada ya makato, kwa hiyo anahitaji kuuza mizigo kumi na miwili ya ukubwa uleule ili arudi alipokuwa.

Makusanyo ya siku hiyo yakiwa hayatoshi 820,000, akaunti yake kwa kampuni inakuwa hasi, na mauzo yanayofuata yanamezwa mpaka deni liishe. Dalili ya kwanza ambayo Mama ataiona ni hii: meseji za wateja zinaingia kama kawaida, lakini benki haiingii kitu, au inaingia hela isiyolingana na siku yoyote. Hapo asisubiri wiki. Aombe taarifa ya makato siku hiyohiyo.

Muda wa kujitetea, na karatasi ya kujitetea

Chajibaki haimaanishi Mama ameshindwa. Ana haki ya kujibu. Shida iko kwenye kifungu kinachokaa mbali sana na hivi vitatu, karibu na mwisho wa mkataba, kinachohusu taarifa. Husema kwamba taarifa ikitumwa kwa barua pepe itahesabika imepokelewa baada ya saa 24, na kwamba mfanyabiashara asipoleta ushahidi ndani ya siku, tuseme tano, atahesabika amekubali.

Sasa muulize Mama barua pepe iliyo kwenye fomu ni ya nani. Mara nyingi ni ya mpwa aliyemfungulia siku ya kusajiliwa, ambaye sasa yuko Dar na neno la siri ameshalisahau. Mama anaweza kushindwa kesi ambayo hakujua kama ipo. Kati ya yote utakayofanya siku hiyo, kubadilisha hiyo barua pepe na kuongeza namba ya simu anayoishika mwenyewe kunaweza kuwa ndiko kutakakomsaidia zaidi.

Ushahidi unaotakiwa ni wa kawaida, ila uandikwe siku ya mauzo. Kitabu cha risiti chenye nakala kinatosha: tarehe na saa, idadi ya magunia na uzito, jina na namba ya simu ya mnunuzi, namba ya kumbukumbu ya muamala kutoka kwenye meseji, namba ya gari lililobeba, na sahihi ya aliyepokea mzigo. Picha ya magunia yakiwa juu ya gari inaongeza uzito. Kwa kuwa lalamiko linaweza kuja baada ya miezi minne, nakala zikae angalau nusu mwaka, mahali ambapo panya na moshi wa jikoni hawafiki.

Mwambie pia mipaka ya karatasi hiyo. Mteja akisema "mzigo haukufika", risiti yenye sahihi inamjibu. Lakini mwenye kadi akisema "si mimi niliyelipa, kadi yangu imeibiwa", sahihi ya aliyepokea usipa haimjibu, kwa sababu aliyepokea huenda ndiye mwizi. Kwa malipo ya kiungo, ambapo kadi haikuingizwa kwenye mashine, hasara ya namna hii kwa kawaida inamwangukia mfanyabiashara. Isipokuwa kama mwenye kadi alithibitisha malipo kwa namba ya siri ya mara moja kutoka benki yake. Hapo kwa kawaida hasara inahamia kwa benki iliyotoa kadi. Kwa hiyo liulizwe mapema: je, viungo vya kampuni hii vinadai uthibitisho huo kila mara? Kama havidai, mnunuzi mgeni mwenye haraka, anayetaka mzigo mkubwa Ijumaa jioni, alipe kwa njia nyingine.

Kabla sahihi haijawekwa

Kuna kifungu cha lugha. Mara nyingi kinasema tafsiri ya Kiswahili ni ya msaada tu, na yakigongana, Kiingereza ndicho kitakachofuatwa. Wapo watakaokuambia kwamba tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama. Ni kweli, lakini mabadiliko hayo hayakugeuza mkataba wa watu wawili binafsi kuwa wa Kiswahili. Kipeperushi kizuri alichopewa Mama na wakala hakimlindi kama kurasa zile kumi na tano zinasema vingine. Kile ambacho wakala ameahidi kwa mdomo, kama "hela inaingia siku hiyohiyo", mwombe akiandike kwa ujumbe kutoka kwenye namba au barua pepe ya kampuni. Akikataa kukiandika, umeshapata jibu.

Mama hana nguvu ya kufuta kifungu kwenye mkataba uliochapishwa kwa maelfu ya watu, na usimdanganye kwamba anayo. Ana nguvu ya kuchagua. Anaweza kuchagua huduma isiyo na kusubiri kwa rejareja, na yenye kadi kwa wanunuzi wa jumla anaowafahamu. Anaweza kupanga mauzo makubwa yalipiwe kabla ya saa kumi jioni, na sio mkesha wa sikukuu. Anaweza kukaa na daftari lenye safu tatu: kilicholipwa na wateja, kilichotarajiwa baada ya makato, na kilichoingia benki. Safu ya tatu ikipungua kuliko ya pili, swali lake lina tarehe na namba, na huduma kwa wateja watapata shida kulijibu kwa "subiri kidogo".

Na mambo yakikwama, kuna njia. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zinamtaka mtoa huduma aeleze masharti na gharama kwa uwazi na awe na utaratibu wa kupokea malalamiko. Lalamiko linaanzia kwa kampuni yenyewe, kwa maandishi, na Mama adai namba ya kumbukumbu. Asiporidhika, analipeleka kwenye dawati la malalamiko la Benki Kuu. Huko ataulizwa mkataba, taarifa ya miamala na majibu ya kampuni. Mwenye daftari na kitabu cha risiti ana cha kuonyesha.

Kwa hiyo akikuuliza tena kama hela ni yake meseji ikiingia, mjibu kwa mpangilio huu: siku ya kazi ikifika, itakuja, ikija, itakuwa imeshakatwa, na mpaka siku 120 zipite, tunza risiti.